Shajara ya mradi: tuta la kuzuia maji ya chumvi kwenye bonde la mpunga, Pemba

Siku ya 1. Kuchora mipaka

Kazi tuliyopewa darasani ni kufanya uchambuzi wa gharama na manufaa wa mradi mdogo wa umma. Kundi limechagua tuta la udongo kwenye bonde la mpunga lililoko kichwani mwa hori, upande wa magharibi wa Pemba, Wilaya ya Wete. Bonde lina eka 80. Eka 36 za upande wa bahari zimeshaachwa kwa sababu maji ya bamvua yanaingia, yanatuama na kuacha chumvi. Eka 44 za juu bado zinalimwa.

Vipimo na bei zote humu ni makadirio ya zoezi, kwa shilingi za leo. Anayetaka kuitumia hesabu hii kwenye bonde lake aanze kwa kubadilisha namba zetu.

Swali la kwanza si tuta litaleta nini, bali bonde litakuwaje tuta lisipojengwa. Rasimu yetu ya mwanzo ililinganisha kabla na baada ya mradi, na hapo ndipo wengi hukosea. Bonde halitakaa kama lilivyo. Chumvi inapanda, na tumekadiria kwamba bila tuta nusu eka ya zile zinazolimwa itaachwa kila mwaka, hivyo baada ya miaka 20 zitakuwa zimepotea eka 10. Kuziokoa eka hizo ni manufaa ya mradi, ingawa atakayekwenda kutembea bondeni hataona kilichoongezeka.

Muda wa hesabu ni miaka 20. Kalvati la zege lenye nondo, la kupitishia maji chini ya tuta, likikaa kwenye maji ya chumvi huliwa na kutu kutoka ndani, na tumechukulia kwamba baada ya muda huo litahitaji kujengwa upya.

Siku ya 2. Tuta na mlango wake

Tuta lina urefu wa mita 400, kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 1.5 juu. Kila upande unateremka kwa mita moja na nusu kwa kila mita moja ya kimo, kwa hiyo upana wa chini ni mita 6. Ukilikata tuta kama mkate, uso wa kipande ni wastani wa 1.5 na 6, mara 1.5, yaani mita za mraba 5.625. Zidisha kwa 400 upate mita za ujazo 2,250. Udongo ukishindiliwa hupungua, na tuta lililokaa juu ya tope la pwani huzama kidogo kwa uzito wake lenyewe, kwa hiyo tumeongeza asilimia 20. Udongo wa kubeba ni mita za ujazo 2,700.

Mstari wa tuta tumeurudisha nyuma mita 30 ili usipite juu ya mikoko. Mikoko ikikatwa, mawimbi yatapiga udongo mtupu na bajeti ya matengenezo haitotosha. Mita 30 kwa 400 ni karibu eka 3 zinazobaki upande wa bahari. Ukijumlisha na nafasi ya tuta lenyewe na ya mlango, zinaondoka eka 4. Ardhi inayoweza kurudi kulimwa ni eka 32, si 36. Rasimu ya kwanza ilisema 36, na kosa hilo peke yake lilikuza manufaa ya ardhi inayorudi kwa moja ya nane.

Tuta lisilo na mlango ni bwawa, kwani mvua ya masika itajaa nyuma yake na mpunga uoze. Mlango unaotakiwa umening'inia kwenye bawaba upande wa bahari wa kalvati. Bahari ikipwa, maji ya mvua yanausukuma na kutoka, na bahari ikijaa inausukuma na kuufunga. Ubaya wake ni kwamba kijiti kimoja cha mkoko kikikwama kwenye kizingiti, mlango haufungi sawasawa, na usiku mmoja wa bamvua unatosha kurudisha chumvi iliyooshwa na msimu mzima. Kwa hiyo mtu wa kukagua mlango kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, ameingizwa kwenye matengenezo.

Gharama za mwaka 0 ni hizi: udongo milioni 32.4 (mita 2,700 kwa shilingi 12,000), kalvati na mlango milioni 12, upimaji na usimamizi milioni 5.6. Jumla ni milioni 50.

Siku ya 3. Nguvu za wananchi

Bajeti tuliyoanza nayo ilikuwa milioni 46. Tofauti ya milioni 4 ni siku 800 za kazi ambazo wanakijiji watajitolea kubeba na kushindilia udongo. Rasimu haikuziandika kwa sababu hakuna atakayelipwa. Hiyo ni hesabu ya mfuko wa halmashauri, siyo ya jamii. Mtu anayebeba udongo siku hiyo haendi kuvua, hakati mwani wala hapalilii muhogo wake. Tumezithamini siku hizo kwa shilingi 5,000 kila moja, nusu ya ujira wa kibarua wa 10,000 uliochukuliwa kwa zoezi, kwa hoja kwamba kijijini si kila siku mtu hupata kibarua. Namba hii ya 5,000 imezungushiwa duara jekundu kwenye daftari, na tutairudia.

Siku ya 5. Eka moja inaleta nini

Eka moja ya mpunga wa mvua tumeipa polo 8 za kilo 75, yaani kilo 600. Kwa shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni 600,000. Kuna aliyetaka kuichukua namba hiyo nzima kuwa manufaa, na kwa njia hiyo mradi ungeonekana dhahabu. Lakini mpunga hauoti bure: trekta la kulima na kuburuga 80,000, mbegu 40,000, mbolea 40,000, na siku 40 za kazi kuanzia kupanda mpaka kupura, kwa 5,000, ni 200,000. Gharama ni 360,000. Kinachobaki ni 240,000 kwa eka kwa mwaka, na hicho ndicho kinachoingia kwenye jedwali.

Pendekezo la kuongeza kupanda kwa thamani ya mashamba tumelikataa. Shamba linapanda thamani kwa sababu litatoa mpunga, na mpunga tumeshauhesabu.

Siku ya 6. Chumvi haiondoki siku tuta linapokamilika

Hapa ndipo hesabu ilipogeuka. Jedwali la kwanza liliweka eka 32 zikilimwa zote kuanzia mwaka 1. Eka 32 kwa 240,000 ni milioni 7.68 kila mwaka, kwa miaka 20.

Lakini tuta linazuia chumvi mpya tu. Iliyomo ardhini inaondolewa na mvua, ikishuka chini na kutoka kwa mlango, msimu baada ya msimu. Mpunga ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi. Kipimo cha chumvi ya udongo kikizidi 3 dS/m mavuno huanza kushuka, na kila kinapopanda kwa 1 hupotea karibu asilimia 12. Kwa hiyo kikisoma 7, karibu nusu ya mavuno imekwenda. Ardhi iliyo juu ya 11 haitoi kitu cha kuvunwa, na eka 36 zilizoachwa tumezichukulia kuwa huko.

Tukikadiria kwamba kila masika inashusha kipimo kwa takriban 2, mavuno yanakuja hivi: mwaka 1 hakuna, mwaka 2 robo, mwaka 3 nusu, mwaka 4 robo tatu, na mwaka 5 ndipo eka 32 zinatoa kamili. Ukihesabu bila kupunguza thamani ya miaka ya mbele, ucheleweshaji huu unagharimu milioni 19.2 kati ya milioni 153.6. Unaonekana mdogo. Siku inayofuata itaonesha kwa nini si mdogo.

Siku ya 8. Kuleta shilingi za mbele mpaka leo

Kiwango cha punguzo tulichopewa ni asilimia 8 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba shilingi 108 za mwakani zina thamani ya 100 za leo, kwa sababu 100 za leo zingeweza kuwekwa kwenye mradi mwingine na kuleta 8. Kila mwaka unaosogea mbele unagawanya tena kwa 1.08. Shilingi 100,000 za mwaka wa 5 ni 68,058 leo. Za mwaka wa 20 ni 21,455.

Kabla ya kukitumia, tulikagua kama kiwango hiki kinaoana na bei zetu. Bei zetu ni za leo kwa miaka yote 20, hazikupandishwa kwa mfumuko wa bei. Basi kiwango nacho kiwe kimeondolewa mfumuko. Riba ya asilimia 12 penye mfumuko wa asilimia 4 haiwi 12, bali ni 1.12 kugawanya kwa 1.04, kutoa 1, yaani asilimia 7.7. Hiyo iko jirani na 8. Anayechukua riba ya benki kama ilivyo na kuitumia kwenye bei zisizopanda anaadhibu miaka ya mbele mara mbili, na miradi ya aina hii, inayolipa polepole, ndiyo inayouawa na kosa hilo.

Matengenezo ni milioni 1.5 kwa mwaka. Mlango unabadilishwa mwaka wa 7 na wa 14 kwa milioni 3 kila mara. Baadhi ya miaka, kwa mamilioni, inasomeka hivi:

```
Mwaka   Ardhi    Ardhi       Gharama   Baki     Baki
        iliyorudi iliyookolewa                  kwa leo
0        0        0           50.00    -50.00   -50.00
1        0        0.12         1.50     -1.38    -1.28
2        1.92     0.24         1.50      0.66     0.57
3        3.84     0.36         1.50      2.70     2.14
5        7.68     0.60         1.50      6.78     4.61
7        7.68     0.84         4.50      4.02     2.35
20       7.68     2.40         1.50      8.58     1.84
```

Tazama mwaka wa 20. Ndio mwaka wenye baki kubwa kuliko yote, lakini kwa leo unachangia kidogo kuliko mwaka wa 3.

Jumla yake, ikiwa hakuna punguzo, ni kwamba mradi unabakisha milioni 73.6. Kwa punguzo la asilimia 8, manufaa ni milioni 68.4 (ardhi iliyorudi 58.9, iliyookolewa 9.5), gharama ni milioni 67.5, na kinachobaki ni milioni 0.9. Jedwali la zamani, la eka 32 kuzaa kamili tangu mwaka 1, lilikuwa linasema milioni 17.4. Ile miaka minne ya kusubiri mvua ioshe chumvi imekula milioni 16.5, kwa sababu iko mwanzoni kabisa, mahali ambapo shilingi bado ina uzito.

Siku ya 9. Kosa la lahajedwali

Kompyuta mbili za kundi zilitoa majibu tofauti: moja 0.9, nyingine kasoro 4.2. Tulitafuta saa nzima kwenye bei, na kosa halikuwa kwenye bei.

Fomula ya NPV, ile inayoleta namba za miaka yote mpaka leo na kuzijumlisha, inachukulia kwamba namba ya kwanza unayoipa iko mwisho wa mwaka 1. Kwenye kompyuta ya pili, gharama zilihesabiwa kwa mkono na zikawa sawa, lakini safu ya manufaa ilianzia seli ya mwaka 0 yenye sifuri. Manufaa yote yakasukumwa mwaka mmoja mbele: 68.4 ikawa 63.3. Kutoa 67.5, ndiyo hiyo kasoro 4.2. Mradi uliofaulu ukaonekana umeanguka.

Safu ya baki ikiwa ni ya 10, mwaka 0 uko B na miaka 1 mpaka 20 iko C mpaka V, iandikwe hivi:

```
=B10+NPV(8%,C10:V10)
```

Ukiandika `=NPV(8%,B10:V10)` jibu zima linagawanywa kwa 1.08. Alama ya jumlisha au kutoa haibadiliki, kwa hiyo kosa hilo laweza kukaa kimya mpaka siku utakapolinganisha miradi miwili. Njia ya kulinasa ni kujumlisha safu ya baki kwa leo na kuilinganisha na jibu la fomula, baada ya kuhakiki mwaka mmoja kwa kikokotoo cha mkononi. Mwaka wa 5: 6.78 gawanya kwa 1.08 mara tano, lazima itoke 4.61.

Siku ya 11. Kutikisa namba

Kiwango kikiwa asilimia 5, mradi unabakisha milioni 19.2. Kikiwa 12, unapoteza milioni 14.9. Kiwango ambacho baki inakuwa sifuri kiko juu kidogo ya 8. Wengi darasani watabishana hapa tu, juu ya kiwango, na ni ubishi wa haki.

Sisi tulirudi kwenye duara jekundu. Siku ya kazi ikiwa 6,000 badala ya 5,000, gharama ya eka inapanda kwa 40,000 na baki inashuka kutoka 240,000 mpaka 200,000. Moja ya sita ya manufaa yote inaondoka, na udongo wa kujitolea unapanda kwa milioni 0.8. Mradi unaanguka mpaka kasoro milioni 11.3. Shilingi elfu moja kwenye bei ya siku inakaribia kufanya kazi ileile iliyofanywa na kupandisha kiwango kutoka 8 mpaka 12. Na ukiweka ujira kamili wa 10,000, eka inabakisha 40,000, na hapo hakuna la kujadili.

Siku ya 12. Mifereji

Kwa kuwa kinachoumiza ni kusubiri, tuliuliza kama kusubiri kunaweza kufupishwa. Mifereji midogo inayokata zile eka 32 na kumwaga kwenye mlango inafanya mvua ipite ndani ya udongo na kutoka na chumvi, badala ya kutuama juu na kukauka palepale. Gharama ni milioni 3 mwanzoni na laki moja kila mwaka ya kuzibua, jumla milioni 4 kwa thamani ya leo.

Tukichukulia kwamba inaharakisha mavuno yawe nusu mwaka wa 2 na kamili mwaka wa 3, ardhi iliyorudi inapanda kutoka 58.9 mpaka 65.0. Mifereji inajilipa na kuacha milioni 2.1. Mradi wenye mifereji: manufaa 74.5, gharama 71.5, baki milioni 3.0. Imeingizwa kwenye muundo. Sharti lake ni kwamba maji yawe na pa kwenda. Mlango ukiwekwa juu ya kitako cha mfereji mkuu, hata kwa kiganja kimoja, maji ya chumvi yatalala humo humo na milioni 4 zitakuwa zimechimba mashimo.

Siku ya 14. Karafuu

Ile bei ya 5,000 ilisimama juu ya hoja kwamba kijijini kazi nyingine haipatikani kila siku. Hoja hiyo ina nguvu wakati wa kupanda na kupalilia. Lakini kati ya siku 40 za eka moja, 12 ni za kuvuna na kupura, na zikisogea mpaka Julai zinakutana na mwanzo wa msimu wa karafuu. Mwaka ambao mikarafuu imezaa sana, kila mwenye mikono ana pa kuchuma, na siku yake si 5,000 tena.

Tukisema mwaka mmoja kati ya minne ni wa namna hiyo, na siku hizo 12 zinalipwa 10,000, eka moja inapoteza 60,000 mwaka huo, wastani wa 15,000 kwa kila mwaka. Baki inashuka kutoka 240,000 mpaka 225,000. Manufaa yanakuwa milioni 69.8, gharama 71.5, na mradi, pamoja na mifereji yake, unakwenda kasoro milioni 1.7.

Ripoti tunayowasilisha haisemi mradi umefaulu kwa milioni 3. Inasema kwamba kwa asilimia 8 tuta linajilipa ikiwa wastani wa siku ya kazi ya mkulima hauzidi takriban shilingi 5,200, na kwamba kipimo hicho ndicho cha kwenda kuulizia bondeni kwanza, mwezi kwa mwezi, kabla ya mtu kupima tena udongo. Jedwali la kazi kwa miezi limeanza kuchorwa. Safu za Julai na Agosti bado ziko wazi.